Jina Lililo Kwenye Chupa na Saa Zilizo Mwilini: Namna ya Kuchagua Manukato na Kuyafanya Yadumu
Mazungumzo na watumiaji wa bidhaa, Michenga, Ifakara



Mada yetu ya leo ni manukato: yale yanayoletwa katika maduka ya Ifakara kutoka Kariakoo, na yale yanayopimwa kwa vichupa vidogo na wachuuzi wanaopita mtaani. Tumeichagua kwa sababu lalamiko moja hurudiwa kila mara tunapozungumza na wanunuzi. Mtu huuza mpunga wake, hutenga fedha kidogo kwa ajili ya kujipamba, hununua chupa nzuri yenye harufu ya kupendeza, na kabla ya adhuhuri harufu imekwisha. Hapo huamini kwamba ameuziwa maji.

Huenda ndivyo ilivyo. Lakini mara nyingi zaidi muuzaji hakumdanganya. Ni jina la bidhaa ambalo halikueleweka, au namna ya kuitumia. Hivyo tunakusudia kueleza mambo mawili: lebo ya manukato inaahidi nini na haiahidi nini, kisha namna ya kuifanya harufu ikae mwilini katika joto la bonde hili la Kilombero.

Majina na maana zake

Manukato mengi ya chupa za kupuliza ni mchanganyiko wa vitu viwili vikuu: mafuta yenye harufu, na alkoholi inayoyabeba mafuta hayo, pamoja na maji kidogo. Alkoholi huruka mara tu inapogusa ngozi, na mafuta ya harufu hubaki. Majina tunayoyakuta kwenye chupa, ambayo kwa desturi ya biashara hii huandikwa kwa Kifaransa, hueleza takribani ni sehemu gani ya mchanganyiko huo iliyo mafuta ya harufu.

Jina la kwanza husomwa "o de koloni", na hufupishwa EDC. Limetokana na mji wa Koloni huko Ujerumani, ambako biashara ya familia ya Farina ilianzishwa mwaka 1709. Hayo ndiyo mepesi: katika kila mililita 100 huwa na mafuta ya harufu kama mililita 2 hadi 5.

La pili husomwa "o de twaleti", na hufupishwa EDT. Wapo wanaolicheka jina hili kwa kudhani kwamba linahusu chooni. Katika Kifaransa neno hilo lina maana ya kuoga, kuvaa na kujipamba. Kwa hiyo maana yake ni maji ya kujipambia. Kwa kawaida mafuta ya harufu huwa kati ya asilimia 5 na 15.

La tatu husomwa "o de parfamu", na hufupishwa EDP. Hapa tunapanda hadi asilimia 15 au 20. La nne ni "parfamu" peke yake, ambayo baadhi ya watengenezaji huongezea neno lenye maana ya kiini. Hiyo huwa na asilimia 20 hadi 30, na mara nyingine zaidi, nayo huuzwa katika chupa ndogo kwa bei kubwa. Chini ya yote hayo zipo bodi sprei, ambazo mara nyingi hazifikii hata kiwango cha o de koloni.

Tumesema "kwa kawaida" na "takribani" kwa makusudi. Viwango hivi ni desturi ya watengenezaji, wala si kipimo kimoja kinachowabana wote duniani. EDT ya kiwanda kimoja yaweza kukaribiana na EDP ya kiwanda kingine. Hata pale manukato yenye jina moja yanapouzwa kwa EDT na kwa EDP, si lazima iwe ni dawa ileile iliyozimuliwa zaidi; mara nyingi watengenezaji hubadilisha viungo vyenyewe. Kwa sababu hiyo, aliyeipenda harufu ya EDT ya rafiki yake asinunue EDP ya jina hilo bila kuinusa kwanza.

Kuna mitego miwili ya lebo inayostahili kutajwa. Wa kwanza ni asilimia. Chupa nyingi huandikwa asilimia 80, na wapo wauzaji wanaoionesha namba hiyo kana kwamba ndiyo nguvu ya harufu. Hiyo ni alkoholi. Kiasi cha mafuta ya harufu mara nyingi hakiandikwi kabisa. Mtego wa pili ni neno "parfamu" lenyewe. Likiwa mbele ya chupa, kama sehemu ya jina la bidhaa, linaeleza daraja. Likiwa nyuma ya boksi, ndani ya orodha ndefu ya viungo, lina maana ya kitu cha kunukisha tu, na utalikuta hata kwenye sabuni ya kuogea na mafuta ya kujipaka. Anayekuonesha neno hilo kwenye orodha ya viungo ili kukuthibitishia kwamba bidhaa yake ni ya daraja la juu, ama hajui au anakusudia kukupoteza.

Kwa nini wingi wa mafuta hautoshi

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Daraja la manukato hueleza wingi wa mafuta ya harufu, lakini halielezi ni mafuta ya kitu gani. Na vitu vyenye harufu havilingani katika kudumu.

Jambo hili tunaweza kulipima majumbani mwetu. Menya chungwa, na chumba kizima kitanukia papo hapo. Lakini baada ya saa moja au mbili nusa vidole vyako, na utakuta harufu karibu imekwisha. Siku nyingine ponda karafuu chache kwa vidole vilevile. Harufu yake haitajaa chumbani kwa haraka, lakini hata jioni utaikuta mikononi. Kisha mfikirie mwanamke wa Unguja anayefukiza kanga zake kwa udi na kuzikunja kabatini: zikifunguliwa baada ya siku kadhaa, bado zinanukia.

Vitu vyepesi, kama chungwa, ndimu na limau, huruka upesi sana. Vile vya wastani, kama maua ya waridi, asumini na mlangilangi, huchukua saa kadhaa. Vile vizito, kama udi, msandali, vanila na miski, huruka polepole na huganda kwenye ngozi na kwenye nguo. Mtengenezaji wa manukato huvichanganya vyote. Ndiyo sababu harufu unayoinusa dakika ya kwanza dukani sio utakayobaki nayo saa nane mchana. Ile ya kwanza ni ya vitu vyepesi, na imewekwa hapo ikupendeze upesi. Utakayoishi nayo ni ile inayokuja baadaye.

Matokeo yake ni haya: EDP iliyojaa limau na machungwa yaweza kufifia mapema kuliko EDT yenye msandali na vanila, ingawa ya kwanza ina mafuta mengi zaidi. Na anayependa ubichi wa ndimu ajue tangu mwanzo kwamba ubichi huo hauwezi kudumu siku nzima katika daraja lolote. Akitaka aendelee kuusikia, atalazimika kupuliza tena.

Manukato ya mafuta na ya kupima

Watu wengi wa hapa hununua manukato ya mafuta yasiyo na alkoholi, ambayo wenzetu wa pwani wameyajua kwa muda mrefu kwa majina ya uturi, haludi na halwaridi. Haya hupakwa kwa kidole au kwa kijiti cha kifuniko. Kwa kuwa hakuna alkoholi ya kuirusha harufu, hayasambai mbali. Hukaa karibu na mwili na hutoka taratibu. Mtu aliye mbali huenda asiyasikie, lakini anayekaa nawe atayasikia kwa saa nyingi. Kwa hali ya hewa yetu, hii ni sifa njema.

Hata hivyo neno "mafuta" nalo halielezi wingi wa harufu. Muuzaji anaweza kuyazimua manukato yake kwa mafuta mengine yasiyo na harufu, na kwa macho hutatambua. Vichupa vya kupima huwa havina lebo, hivyo huna jina la mtengenezaji, orodha ya viungo wala tarehe ya mwisho ya matumizi. Ukiamua kununua, nunua kichupa kidogo kabisa kwanza, uyatumie siku mbili tatu, kisha ndipo urudi kununua kingi. Na usikubali kuambiwa kwamba mafuta hayana madhara kwa sababu hayana alkoholi. Kinachowasha ngozi ya watu wengi ni vile viungo vya harufu vyenyewe, na ndani ya mafuta viungo hivyo vyaweza kuwa vingi zaidi.

Chupa kubwa na chupa ndogo: hesabu ya siku

Hebu tufanye hesabu moja pamoja. Bei tutakazozitaja ni za mfano tu, kila mmoja aweke za duka lake.

Tuseme mwalimu mmoja wa hapa Michenga amekuta dukani chupa mbili za bei moja, shilingi 30,000 kila moja. Ya kwanza ni EDT ya mililita 100. Ya pili ni EDP ya mililita 50. Muuzaji anamwambia achukue ile kubwa, kwani ni mara mbili kwa fedha ileile.

Mpulizo mmoja wa chupa ya kawaida hutoa takribani sehemu moja ya kumi ya mililita. Kwa hiyo mililita 100 ni mipulizo kama 1,000, na mililita 50 ni kama 500. Mwalimu wetu amezijaribu zote mbili kwenye ngozi yake. EDT, kwa mipulizo minne ya saa moja asubuhi, imefifia saa tano. EDP, kwa mipulizo minne ya wakati uleule, imefika saa tisa alasiri. Akitaka anukie siku nzima ya kazi, kwa EDT atapuliza mara nne asubuhi na mara nne tena saa tano, jumla minane kwa siku. Gawanya 1,000 kwa 8, utapata siku 125. Kwa EDP atapuliza mara nne tu. Gawanya 500 kwa 4, nazo ni siku 125. Chupa zote mbili zinamgharimu shilingi 240 kwa siku. Ule ukubwa aliosifiwa haukumpa hata siku moja zaidi, na EDT itamlazimu aende na chupa kazini.

Lakini tubadilishe mahitaji. Tuseme mnunuzi ni mtu anayejipuliza kwa ajili ya ibada au sherehe ya asubuhi, naye haihitaji harufu hiyo baada ya saa tano. Mipulizo minne ya EDT inamtosha. Sasa mililita 100 zitamfikisha matumizi 250, kwa shilingi 120 kila moja, ambayo ni nusu ya gharama ya EDP. Kwake yeye EDT ndiyo nafuu. Basi usiulize ni daraja gani lililo bora. Uliza unataka unukie kwa saa ngapi, kisha ugawe bei kwa siku utakazozipata.

Jaribu kabla ya kulipa

Hesabu hiyo inategemea jambo moja: ujue manukato yanadumu saa ngapi kwenye ngozi yako wewe. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mpe muda kilicho chema kijiuze.

Ukiwa dukani, omba mpulizo mmoja kwenye mkono wa kulia, upande wa ndani chini ya kiwiko, na mpulizo wa manukato mengine kwenye mkono wa kushoto. Yasizidi mawili, maana pua itachanganyikiwa. Usinuse papo hapo; subiri dakika moja alkoholi iruke, vinginevyo utakachosikia ni ukali wake. Kisha usinunue. Nenda sokoni, fanya shughuli zako, na unuse tena baada ya robo saa, baada ya saa mbili, na baada ya saa sita ukiweza. Anayekuja mjini mara moja kwa wiki anaweza kujaribu wiki hii na kununua wiki ijayo. Muuzaji akikushurutisha kulipa kabla hujatoka mlangoni, hilo nalo ni taarifa.

Katika jaribio hili usiiamini pua yako peke yake. Pua huzoea harufu iliyo karibu nayo daima, kama vile mvuvi asivyosikia harufu ya samaki. Watu wengi husema manukato yao yameisha saa nne, ilhali walio karibu nao bado wanayasikia vizuri. Matokeo yake hupuliza tena na tena, chupa humalizika kabla ya wakati, na jirani ndani ya basi hupata kizunguzungu. Muulize mtu uliyekutana naye wakati huo, si yule uliyeshinda naye, kama anasikia chochote mkononi mwako. Au toka nje dakika chache, vuta hewa safi, kisha unuse upya.

Jaribio hilo hilo hulinda ngozi. Pakiwasha, pakivimba au pakifanya wekundu, osha kwa maji na sabuni na uachane na manukato hayo, hata kama umeipenda harufu yake.

Namna ya kuifanya harufu idumu

Joto huharakisha kuruka kwa harufu. Katika bonde letu, hasa miezi ya joto kabla ya mvua kubwa, manukato hulipuka kwa nguvu mara yanapopulizwa, kisha huisha mapema kuliko yangeisha mahali pa baridi. Jasho huongeza tatizo, kwani huyaosha na kuyatawanya. Hatuwezi kuondoa joto, ila tunaweza kuipunguzia harufu kasi ya kuondoka.

Anza na ngozi safi iliyokauka. Manukato hayaondoi harufu ya jasho lililolala. Hujichanganya nayo, na mchanganyiko huo huwa mbaya kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Oga, jifute vizuri, na kwapani tumia dawa ya kwapa, si manukato.

Baada ya hapo jipake mafuta mepesi yasiyo na harufu mahali unapotaka kupuliza. Mafuta ya mgando yasiyonukia, kiasi cha punje ya mahindi kwa kifua na mikono, yanatosha. Ngozi kavu haiishikilii harufu. Utando mwembamba wa mafuta huishika na kuiachia kidogo kidogo. Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na gharama yake ni ndogo. Mafuta yenye harufu kali yatagombana na manukato yako, na hutajua unachonukia ni kipi.

Subiri dakika mbili, kisha puliza ukiwa umeishika chupa umbali wa shubiri moja hivi. Chagua kifua, chini ya shingo, na upande wa ndani wa viwiko. Sehemu zilizofunikwa na nguo hutunza harufu zaidi kuliko zilizo wazi kwa jua na upepo. Dereva wa bodaboda anayejipuliza shingoni pekee huigawia barabara yote. Ziko pia sababu za afya: baadhi ya mafuta ya jamii ya limau, yakikaa kwenye ngozi inayopigwa na jua, huweza kuleta mabaka meusi. Acha yakauke yenyewe. Wengi husugua viganja vya mikono pamoja. Kufanya hivyo huipasha ngozi joto na kuviondoa upesi vile vitu vyepesi, nawe hupati faida yoyote.

Nguo hushikilia harufu kwa muda mrefu kuliko ngozi, kwa sababu haina joto la mwili kiasi kile na nyuzi zake huinasa. Mpulizo mmoja upande wa ndani wa gauni au shati la pamba utafika jioni. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwani manukato yenye rangi huacha doa kwenye kitambaa cheupe, na hariri huharibika upesi. Manukato ya mafuta usiyatie kwenye nguo, hubaki alama. Na kufukiza nguo kwa udi usiku, kisha kupuliza manukato mepesi asubuhi juu ya ngozi, ni njia inayowafaa wengi: udi hubaki chini kama msingi pale vile vyepesi vinapoondoka.

Inafaa pia kujua mipaka. Kupuliza mara nane badala ya nne hakuzidishi saa mara mbili. Huzidisha ukali wa mwanzo, na mwishoni huongeza muda kidogo tu. Ukihitaji kufika jioni, ni bora upulize mara tatu asubuhi, kisha mchana ujifute jasho kwa kitambaa chenye maji, ujikaushe, na upulize mara mbili. Waweza kubeba kiasi kidogo katika kichupa safi cha kupulizia.

Mwisho wa jambo hili ni utunzaji. Joto na mwanga huharibu manukato yakiwa bado ndani ya chupa. Chumba chenye bati lisilo na dari huwa tanuru mchana, na dirishani ni pabaya zaidi. Iweke chupa ndani ya boksi lake, chini kabatini, ikiwa imefungwa vizuri. Rangi ikigeuka kuwa nzito isivyokuwa, na harufu ya mwanzo ikawa chachu au kali kama rangi ya mbao, yameharibika. Kumbukeni pia kwamba alkoholi hushika moto: asipulize mtu karibu na jiko la mkaa, kibatari, au chetezo chenye makaa, na chupa isifikiwe na watoto.

Lebo, risiti na haki yako

Tangu mwaka 2019, usimamizi wa vipodozi, manukato yakiwemo, uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Bidhaa halali huwa na jina la mtengenezaji na nchi yake, ujazo, orodha ya viungo, namba ya toleo, na tarehe ya mwisho ya matumizi. Kabla ya kulipa, tazama namba ya toleo iliyo chini ya chupa na ile iliyo kwenye boksi. Zikitofautiana, chupa hiyo na boksi hilo havikuzaliwa pamoja. Tazama pia kama jina limeandikwa bila makosa ya herufi, na kama kifuniko kimekaa sawasawa. Bei iliyo chini mno kwa jina kubwa nayo ni onyo.

Dai risiti, na uitunze pamoja na boksi mpaka utakaporidhika. Bidhaa bandia ni suala la Tume ya Ushindani, FCC. Ubora na usalama wa bidhaa ni suala la TBS. Kote huko, malalamiko yenye chupa, boksi na risiti hushughulikiwa kwa urahisi kuliko malalamiko ya mdomo.

Ndugu zetu, tunaomba kila mmoja aondoke na maswali manne ya kujiuliza mbele ya kabati la manukato. Nataka ninukie kwa saa ngapi? Daraja lake ni EDC, EDT, EDP au parfamu? Baada ya saa mbili kwenye ngozi yangu, inabaki harufu gani? Na bei hii, nikiigawa kwa siku nitakazoitumia, ni shilingi ngapi kwa siku? Mnunuzi mwenye majibu ya maswali hayo hatatishwa na urembo wa chupa, wala hatashangaa ifikapo adhuhuri.